KODI YANGU IKO WAPI? Sentensi moja, mama wenye nyumba watatu

Wiki hii mambo ya wapenzi kununiana tunayaweka kando kidogo, maana wenzetu wanaoandika hadithi za ukurasa wa kati wamenijia juu. Wanasema hadithi zao zinarudishwa na wahariri, na sababu wanayopewa ni ileile kila siku, eti wahusika wako wote wanaongea kama mtu mmoja. Babu anaongea kama konda wa daladala, konda anaongea kama mtangazaji wa taarifa ya habari, na mume aliyefumaniwa gesti anaongea kama anasoma barua ya kuomba kazi. Sasa mtu ananiuliza, nifanyeje? Huyo babu nimwekee kikohozi?

Kikohozi hapana jamani. Leo nachukua sentensi moja tu, tena fupi, tuigeuze mpaka anayeisema awe mzee, kisha awe na hasira, kisha awe anasitasita. Maana haya mambo matatu watu wanayachanganya sana, hasa uzee na kusitasita, na hapo ndipo hadithi nyingi zinapofia.

Sentensi yenyewe nimepewa na dada mmoja fundi cherehani wa Temeke, mwenyewe kaniruhusu. Katika hadithi yake kuna kijana anaitwa Juma, kapanga chumba cha uani kwa shilingi 50,000 kwa mwezi. Miezi 3 hajalipa. Usiku mmoja mama mwenye nyumba anakwenda kumgongea, na dada yetu kaandika hivi:

"Juma, nataka kodi yangu. Umepitisha miezi mitatu," alisema mama mwenye nyumba.

Kiswahili hakina kosa hapo, mwalimu angeweka vema bila kufikiri mara mbili. Tatizo ni kwamba sentensi hiyo anaweza kuisema yeyote. Mjumbe anaweza kuisema, dalali anaweza, hata Juma mwenyewe akiwa na wapangaji wake siku moja ataisema vilevile. Ni sentensi isiyo na mwenyewe.

Na hapa ndipo penye uchungu wenyewe. Yule mama wa kwenye hadithi ni mama mzazi wa huyu dada. Mzee alipofariki, mama alibaki anakula kodi ya vyumba 2 vya uani, na alikuwa ni mtu asiyeweza kudai hata shilingi. Anakwenda mpaka mlangoni, anarudi. Dada kaandika hadithi ili watu wamjue mama yake, akawapa mashoga zake wasome. Unajua walimwambia nini? "Huyu mama katili kweli, mtu hana kitu yeye anamgongea usiku!" Dada anasema alilia. Mama wa watu alikuwa mnyonge, sentensi moja imemfanya askari mgambo.

Basi tuanze na uzee, maana mama huyo kwenye hadithi ana miaka 70.

Waandishi wengi wakitaka mtu azeeke wanaandika hivi: "Mjukuu wangu, kho kho kho, nataka kodi yangu." Hebu toa hicho kikohozi na huyo mjukuu uone kinachobaki. Imebaki sentensi ileile ya kwanza! Umemvisha kijana kanzu tu. Wengine wanaandika pembeni "alisema kwa sauti ya kizee", yaani wanatuambia sisi wasomaji tujifanyie kazi wenyewe, sauti ya kizee tuitafute huko tunakojua.

Uzee kwenye maneno unaanzia njiani, kabla hujafika kwenye pesa. Mtu mzima wa kwetu hagongi mlango akataja kodi. Juma atasema shikamoo, yeye ataitikia marahaba, atauliza kazi, atauliza wazazi huko kijijini, atasema "haya", halafu ndiyo atafika. Huu mzunguko wala si woga. Ndivyo alivyolelewa, kwamba kutaja pesa kabla ya kujua mwenzako kaamkaje ni utovu wa adabu. Atazunguka kwa raha zake, lakini lazima atafika, hilo mliweke akilini maana nitalirudia.

Kitu cha pili ni jinsi anavyohesabu. "Miezi mitatu" ni hesabu ya mtu wa ofisini, aliyetundika kalenda ukutani. Bibi Mwislamu wa pwani mwenzangu anahesabu kwa mfungo. Mwezi unaofuata baada ya Ramadhani anauita Mfungo Mosi, unaofuata Mfungo Pili, hivyo hivyo mpaka juu. Kwa hiyo kama Juma alilipa mara ya mwisho Mfungo Mosi, na leo tupo Mfungo Nne, hapo miezi mitatu imeshatimia bila mtu kutaja "tatu". Bibi akiwa Mkristo wa Songea usimpe mfungo, msomaji atakucheka. Huyo atasema "tangu Pasaka". Mkulima atasema "tangu masika". Kila mzee ana kalenda yake, na ukiijua umemjua nusu.

Halafu kuna "ambayo". Sina ugomvi na neno hili, lakini ofisini na redioni limezagaa mno. Bibi wa uswahilini hasemi "kodi ambayo ulinipa". Anasema "kodi uliyonipa", kwisha, kaingiza kila kitu ndani ya neno moja. Ukiona bibi wa hadithi yako anasema ambayo, ambaye, ambapo, ujue kashaajiriwa.

Tukiunganisha tunapata hivi:

"Marahaba, baba. Umeshindaje? Na huko kazini wanakupa kazi? Haya. Juma mwanangu, kodi uliyonipa mara ya mwisho ni Mfungo Mosi, sufuria la biriani ya Idi hata halijaoshwa. Leo tumeingia Mfungo Nne. Sasa mimi nile nini?"

Huyo ni mtu mzima. Hana kikohozi, hajamwita mtu mjukuu, na hakuna haja ya kuandika "alisema kwa sauti ya kizee".

Lakini tahadhari hapo hapo, msimzeeshe mtu kupita kiasi. Nimesoma hadithi ya kijana mmoja, bibi ana miaka 70 halafu anaongea kama aliyewaona Wajerumani kwa macho yake! Hebu pigeni hesabu. Mtu wa miaka 70 leo amezaliwa miaka ya 1950. Miaka ya sabini yeye ndiye alikuwa msichana wa mjini, wenzake wanavaa bugaluu na viatu vya raizoni, na Mbaraka Mwinshehe alipofariki mwaka 1979 yeye alikuwa kwenye miaka ya 20 na ushee, muziki anaujua. Bibi wa namna hiyo akikumbuka ya zamani atakukumbusha dansi, hawezi kukukumbusha Maji Maji. Umri wa mhusika upigie hesabu kwenye karatasi kwanza, ndipo umchagulie maneno.

Tuje kwenye hasira. Hapa nitakwenda haraka kidogo, maana hasira ndiyo watu wanajidai wanaijua. Kawaida yao ni hii: "Weee Juma!!! Nataka kodi yangu sasa hivi!!! Mshenzi mkubwa wewe!!!" Alama tisa za mshangao na tusi moja. Ubaya wake ni kwamba umetumia kila kitu mlangoni. Kurasa mbili mbele mama akigundua kwamba Juma pesa ya kodi kanunulia redio, atasema nini tena? Matusi yameisha, alama za mshangao zimeisha, umebaki mikono mitupu.

Hasira inasikika pale mtu anapoacha kitu alichokizoea. Huyu mama tumeshamsikia anaitikia marahaba, anamwita Juma "baba". Basi siku ya hasira ondoa hivyo viwili tu:

"Shikamoo mama."

"Kodi yangu iko wapi?"

Salamu haijaitikiwa! Msomaji wetu yeyote aliyelelewa na watu anasisimka hapo, maana shikamoo isiyojibiwa ni kofi. Na sentensi yenyewe haina tusi wala alama ya mshangao.

Akizidi kupanda, sentensi zinakatika, anarudia neno lilelile, anauliza maswali ambayo jibu lake wote wanalijua. "Toka nje. Miezi mitatu, Juma, mitatu! Redio mpya naisikia, kodi siioni. Hii nyumba kajenga baba yako?" Mnaona kasema "kajenga", hana muda wa "amejenga". Na mnaona ile "mitatu" imerudi? Mtu akiwa na hasira anataka hesabu kavu, Mfungo Mosi na biriani hazikumbuki tena. Kwa mtu huyu huyu mmoja, hasira imemfanya aonekane mdogo kwa miaka 20. Ndiyo maana ukitaka mhusika awe mzee na pia mwenye hasira lazima umwachie kitu kimoja cha uzee wake, vinginevyo hasira itakula vyote.

Ipo na hasira ya baridi, na mimi hii ndiyo ninayoiogopa. Mama anayekuita "baba" siku zote, leo anasema: "Bwana Juma, naomba unipishe chumba changu. Jumamosi saa mbili asubuhi fundi anakuja kubadilisha kitasa." Heshima imejaa, "naomba" ipo, na Juma keshajua kwamba hana pa kulala. Huo ubwana aliopewa ghafla ndio umemtupa nje. Lakini inafanya kazi kwa sababu tulishasikia "baba" huko nyuma. Kama mama alikuwa anamwita Bwana Juma tangu mwanzo, hapo hakuna hasira yoyote, ni adabu yake tu.

Sasa turudi kwa mama wa Temeke, ambaye si mkali. Yeye anasitasita.

Dada alikuwa ameshajaribu mwenyewe, akaandika: "Juma... mimi... nataka... kodi... yangu..." Nikamwambia mwenzangu, huyu anapandisha ngazi na ndoo ya maji kichwani. Anahema! Ukizifuta nukta zote, mama anasema kile kile bila kubakiza, nataka kodi yangu. Anayesitasita haongei polepole tu. Neno lenyewe ndilo analikimbia.

Kiswahili kina njia nyingi za kukimbia neno, na zote tunazitumia kila siku tukitaka kukopa. Ya kwanza ni kurudisha ombi nyuma. Badala ya "nataka" unasema "nilikuwa nataka", kana kwamba ni jambo la jana, ukinikatalia haliumi. Ya pili ni "ninge", kama "ningeomba". Ya tatu ni kulipunguza jambo kwa "kidogo" na "tu". Ya nne, ambayo kwa akina mama ndiyo nimeisikia zaidi, ni kumbebesha mtu mwingine ile shida. Mimi sina neno, ila fundi anadai, ila mjukuu karudishwa shule.

Kwa ile ya kwanza na ya tatu tulipata hii: "Marahaba, baba. Habari za kazi? Samahani Juma, nilikuwa nataka kukuuliza kidogo tu, kuhusu ile kodi." Si mbaya. Tukafanya jaribio ambalo nawashauri nanyi mlifanye. Unafunika yale maelezo ya "alisema hivi, alisema vile", unampa asiyeijua hadithi asome kwa sauti, unamuuliza swali moja tu, huyu mtu yukoje? Usimuulize kama ni nzuri, atakwambia ni nzuri ili aende zake.

Pale kwenye cherehani kulikuwa na wasichana wawili wanaojifunza kushona. Wa kwanza akasoma, akajibu bila kufikiri: "Ni bibi mmoja ana adabu zake." Mnaona? Kasikia uzee, woga hajausikia. Kisa ni nini? Mama kaitikia marahaba, kauliza kazi, kazunguka vizuri, halafu akafika kwenye kodi. Ni ule ule mzunguko wa mtu mzima niliowaambia mwanzo. Mzee anazunguka na anafika. Anayesitasita anazunguka na hafiki. Maneno ya upole wanaweza kuwa nayo wote wawili, kinachowatenganisha ni kama neno kodi limetajwa au halikutajwa.

Basi tukalitoa neno kodi. Na ile salamu ya kawaida tukaitoa pia, maana salamu ni njia iliyonyooka, mtu akishaulizwa kazi lazima kitu kifuate. Mama akaanza na kitu kisichohusika kabisa:

"Juma, umeshakula? Nimebakiza wali kidogo. Hapana, nilikuwa napita tu. Yule fundi wa bati kaja tena jana. Nimemwambia angoje kwanza, niongee na... nimemwambia angoje. Haya, lala salama, baba."

Nukta zipo sehemu moja tu, pale alipokaribia kulitaja akageuza. Zikiwa sehemu moja zina kazi. Zikiwa kila baada ya neno ni ndoo na ngazi.

Msichana wa pili akasoma, akanyamaza, akasema: "Huyu anaogopa kumdai mtu." Dada akaacha kukanyaga cherehani.

Lakini ngoja, msikimbilie kunakili, kuna kitu lazima kilipwe kwanza. Sentensi hii inasimama tu kama msomaji anajua deni lipo. Ukiiweka kwenye hadithi ya mwanzo kama ilivyo, utasikia bibi anagawa wali, basi. Ile "miezi mitatu" tuliyoitoa mdomoni mwa mama lazima ihamie mahali pengine, tena kabla hajagonga mlango. Dada akaiweka kwenye daftari. Akaandika kwamba mama alikuwa na daftari la kodi, na kwenye jina la Juma kulikuwa na mistari mitatu isiyojazwa. Bati nalo likawekwa mapema, kwamba chumbani kwa mama kuna beseni la kukingia mvua. Sentensi mbili hizo zikitangulia, wali na fundi vinaongea vyenyewe. Zisipotangulia, umeficha mpaka umepoteza.

Kilichofuata wengi wanakisahau. Jibu la Juma kwenye hadithi ya kwanza lilikuwa: "Nitakulipa Jumamosi, mama, usijali." Kwa mama wa mwanzo jibu lilikuwa sawa. Kwa mama huyu haliwezekani, maana hakuna aliyeuliza! Ukibadilisha sentensi ya mtu mmoja, kaangalie na ya mwenzake iliyo chini yake, mara nyingi itakuwa inaning'inia hewani. Juma akisema "nitakulipa Jumamosi" maana yake kamwelewa mama na kamhurumia, kamsaidia kulitaja. Hapo Juma ni kijana mwema. Akisema "Asante mama, wali naomba," basi ama hajaelewa, ama kaelewa sana. Hadithi mbili tofauti hizo, na zimegawanyika kwenye jibu la maneno matano hata hayafiki.

Nikamuuliza dada, ilikuwaje kweli? Akasema mpangaji aliupokea wali. Asubuhi sahani ilikuwa mlangoni kwa mama, imeoshwa, haina kitu. Nanyi mnajua kwetu sahani ya jirani inavyorudishwa, hata ndizi moja inawekwa.

Akaiandika hivyo hivyo, sahani mlangoni, kisha akafuta mistari minne iliyokuwa inafuata, yote ni Juma anatukanwa na majirani. Bahasha kaipeleka kwa mhariri Jumatatu.

Haya, walio na babu wenye vikohozi waleteni, tuwatibu wiki ijayo.